Mjomba wa Miaka 16

Tulikuwa tumeketi juu ya mbao mbili nje ya karakana ya mjomba wangu huko Wete, Pemba, simu yake na yangu zikiwa zimelazwa sambamba kwenye benchi lililojaa vumbi la mbao. Zote mbili zilikuwa za aina moja na zote zilikuwa zikitumia kifurushi changu cha intaneti. Kwenye ukurasa wangu wa Facebook palikuwa na kialama kile kidogo cha kibanda cha duka, yaani Marketplace, soko la Facebook. Kwake, mahali pale pale, hapakuwa na kitu.

"Mjomba," akaniambia, kwa kuwa naye huniita hivyo hivyo ninavyomwita, "mimi nimekosa nini?"

Nilimjibu kwamba nitalitazama jioni. Jioni hiyo ilichukua wiki tisa.

Mjomba ni seremala. Hutengeneza vitanda, makabati ya vyombo na mbuzi za kukunia nazi, zile zinazokunjwa kama marfaa, zenye ulimi wa chuma uliochongwa meno mbele. Wateja wake wa Pemba anawajua mmoja mmoja. Aliowataka ni wale wa Unguja ambao wangeona picha, wakaulizia bei, na yeye akapakia mzigo kwenye boti. Kwa hiyo alichokuwa akikitaka kwenye simu hakikuwa mchezo, na mimi niliyejitia kuwa mjuzi wa mambo hayo katika ukoo nilipaswa kukipata.

Kilichofichika na kisichokuwepo

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa sahihi, ingawa nililifanya kwa bahati. Vialama vinavyopangwa kwenye ukanda wa programu ya Facebook havifanani kwa kila mtu. Programu huvipanga kwa kufuata matumizi, na mtu asiyewahi kuingia sokoni anaweza kutokiona kibanda kwenye ukanda ilhali soko analo. Kukosekana kwa kialama pekee, basi, si ushahidi. Ushahidi hupatikana kwa kufungua menyu ya vistari vitatu na kulitafuta neno Marketplace humo, au, kwa uhakika zaidi, kwa kuandika anwani yenyewe katika kivinjari:

```
facebook.com/marketplace
```

Kama soko lipo ila limefichika, ukurasa huo hufunguka na bidhaa huonekana. Kwa mjomba ulifunguka ukasema kwamba huduma hii haipatikani kwake. Hapo tukajua kwamba hatutafuti kitu kilichofichwa.

Jambo la pili nililifanya siku iliyofuata. Nilitoka katika akaunti yake kwenye simu yake, nikaingia kwa akaunti yangu, na kibanda kikatokea. Kisha nikaingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta yangu, na kibanda kikatoweka. Jaribio hili huchukua dakika tano, na laiti ningeliamini matokeo yake ningejiokoa wiki nane. Simu ilikuwa nzima, programu ilikuwa mpya, na nchi haikuwa kikwazo, kwa kuwa mimi na yeye tulikuwa tumeketi benchi moja. Kilichobaki ni akaunti yenyewe na yale yaliyoandikwa ndani yake.

Lakini sikuyaamini, kwa sababu akilini mwangu nilikuwa nimeshakipata kisa kizuri zaidi.

Neno "mbuzi"

Kisa changu kilikuwa hiki. Kanuni za biashara za Facebook zinakataza kuuza wanyama sokoni, kama zinavyokataza kuuza dawa, pombe, tumbaku na silaha, na matangazo hukaguliwa kwanza na mashine kabla ya mtu. Mjomba alikuwa ameshawahi kuweka kwenye ukurasa wake picha ya kazi yake na maneno "Mbuzi nzuri, bei nafuu, Wete". Nani ataifahamisha mashine kwamba mbuzi huyo hana miguu minne wala halii, bali hukaliwa na mtu akakunia nazi?

Nilikipenda kisa hiki kupita kiasi. Nilikisimulia barazani na watu wakacheka, na kisa kikishachekewa barazani huwa vigumu kukitupa.

Nilichokuwa nimekichanganya ni milango miwili iliyo tofauti kabisa. Mlango mmoja ni wa bidhaa: tangazo fulani hukataliwa, lakini soko lenyewe hubaki wazi, na mwenye tangazo huambiwa kwamba hili halikukubaliwa naye anaweza kuomba litazamwe upya. Mlango mwingine ni wa akaunti: soko zima halipo, hata kwa kutazama tu. Akaunti nayo inaweza kukosa soko kwa njia mbili, ama kwa kuwa ilikuwa nalo ikanyang'anywa baada ya kuvunja kanuni, ama kwa kuwa haikutimiza masharti tangu mwanzo.

Njia hizi mbili za mwisho zina alama zinazozitofautisha. Aliyenyang'anywa kwa kawaida hukuta kitufe cha Request Review kwenye ukurasa huo huo wa soko, na katika mipangilio, chini ya Account Status, hukuta kumbukumbu ya kosa lake. Kwa mjomba hapakuwa na kitufe. Kwenye Account Status palikuwa peupe, hapana kosa hata moja. Mtu asiye na kosa hawezi kuwa ameadhibiwa, na kwa hiyo mbuzi wangu alikuwa amekufa siku nyingi nami bado nikimchunga.

Mjomba hakuwahi kufukuzwa sokoni. Alikuwa hajawahi kuruhusiwa kuingia.

Ushauri niliotoa

Katika wiki ya tatu nilimwambia afungue akaunti mpya.

Naandika sentensi hiyo kwa aibu, kwa sababu ndio ushauri ambao kila mtu hutoa na ndio uliotupoteza kabisa. Nilimfungulia mwenyewe kwa namba yake ya pili, nikaliandika jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho chake, yaani 1 Julai 1964. Tukaingia sokoni. Huduma haipatikani.

Nikakata shauri kwamba tatizo ni mtu. Akaunti mbili, namba mbili, jibu moja; kitu pekee kilichokuwa sawa katika zote mbili ni mjomba. Nilimtazama mzee yule mwenye ndevu nyeupe, anayeswali swala zake tano msikitini, nikajiuliza amemfanyia nani nini.

Sasa najua kwamba jibu lilikuwa moja lakini sababu zilikuwa mbili. Masharti ya soko yanasema kwamba ni la watu wenye akaunti hai waliotimiza miaka 18, na kwamba akaunti mpya huenda isilipate kwa muda. Muda huo hautajwi. Wapo wanaosema mwezi, wapo wanaosema miwili, na kila mmoja anasema kwa kadiri alivyosubiri yeye. Akaunti ile mpya ilikataliwa kwa uchanga wake, nayo ya zamani ilikataliwa kwa jambo jingine, ila ukurasa uliotukataza haukueleza tofauti. Ni sawa na mtu anayeumwa na kichwa kwa homa, kisha akala kitu kibaya akaumwa na kichwa tena, akaapa kwamba maradhi ni yale yale.

Kibaya zaidi, kwa kuwa akaunti mpya niliijaza kwa tarehe sahihi, umri ulitoka kabisa katika orodha ya mambo niliyoyashuku.

Tulijaribu pia njia ya binamu yangu, ambaye alishauri kwamba ndani ya akaunti ile ile ya zamani tuongeze wasifu wa pili, tuuite kwa jina la samani. Facebook iliruhusu jambo hilo rasmi mwaka 2023, na mtu anaweza kuwa na wasifu wa ziada hadi 4 chini ya akaunti moja. Lakini tangu siku ya kwanza ilielezwa kwamba soko ni miongoni mwa huduma ambazo wasifu wa ziada hazipati. Soko hutazama wasifu mkuu tu. Tuliongeza, tukakataliwa, tukaufuta.

Ieleweke pia kwamba akaunti ile mpya ilikuwa kosa kwa kanuni za mtandao wenyewe, zinazotaka mtu mmoja awe na akaunti moja. Tulikuwa tunatafuta ruhusa ya kuingia sokoni huku tukijitengenezea sababu halisi ya kufukuzwa.

Salamu za 14 Agosti

Tarehe 14 Agosti, asubuhi, simu yangu ilinikumbusha nimtakie mjomba heri ya siku ya kuzaliwa. Nilipoingia ukurasani kwake nikakuta wapwa na majirani wamekwishamtakia umri mrefu, mmoja amemchorea keki.

Nilisoma nikapita. Nilirudi nyuma baada ya saa moja hivi, nikiwa ninakunywa chai, kwa sababu mjomba hana siku ya kuzaliwa. Kwao waliandika watoto kwa matukio. Yeye ni wa mwaka wa Mapinduzi, basi, na ile 1 Julai ya kitambulisho ni tarehe aliyopewa ili fomu ijae. Agosti imetoka wapi?

Nilimpigia. Shikamoo, marahaba, za huko, kisha nikauliza: akaunti hii ya kwanza ilifunguliwa lini na nani?

"Ilifunguliwa dukani, siku niliponunua simu. Yule kijana alinifungulia kila kitu, mimi nikalipa nikaondoka."

Risiti ya simu anayo. Mjomba hutunza risiti zote katika kopo la biskuti. Ilikuwa ya tarehe 14 Agosti 2022.

Yaliyobaki niliyaona kama niliyekuwepo. Kijana ana wateja wanangoja. Fomu inataka tarehe ya kuzaliwa, na gurudumu la tarehe limesimama kwenye siku ya leo. Anabonyeza endelea, mashine inakataa, kwa sababu Facebook haimpokei mtu aliye chini ya miaka 13. Siku na mwezi havigusi. Anazungusha mwaka tu, kidogo kidogo, hadi mashine inyamaze. Mwaka wa kwanza unaokubalika ni 2009. Anauacha hapo na kuendelea kuweka WhatsApp.

Nikamwomba mjomba afungue mipangilio, aingie Accounts Center, kisha Personal details, kisha Birthday, anisomee. Akasoma taratibu, tarakimu moja moja. Elfu mbili na tisa.

Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 61 na wajukuu saba, alikuwa ametimiza miaka 16 asubuhi ile.

Mambo mengine nayo yalianza kujieleza. Alikuwa akilalamika kwamba watu wa Unguja wanasema wamemwandikia naye haoni kitu, nami nikamwambia ni mtandao wa Pemba. Kumbe akaunti za walio chini ya miaka 18 huwekewa kinga, na mojawapo ni kuwazuilia ujumbe wa watu wazima wasiofahamiana nao. Picha zake zilikuwa zikionekana na marafiki tu bila yeye kuchagua hivyo. Mtandao ulikuwa ukimlinda mtoto kutokana na wanunuzi wa makabati.

Siwezi kusema kwamba sharti lenyewe ni la ajabu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 nayo inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na sitaki mpwa wangu wa miaka 15 aende kukutana na mnunuzi asiyemjua huko Mwanakwerekwe kwa sababu ya simu ya mtumba. Kinachonisumbua ni dhana iliyo nyuma ya sharti, kwamba mwenye akaunti ndiye aliyeijaza fomu. Kwetu, wazee wengi hawakuijaza. Imejazwa na muuza simu, na mtoto wa jirani, na mjukuu aliyekuja likizo, na aliyejaza hakumwuliza mzee chochote kwa sababu mzee alitaka tu kuona picha za harusi.

Jina kabla ya tarehe

Kurekebisha kulikuwa na mtego wake, na hapa nitakwenda polepole kwa faida ya atakayefuata.

Kubadilisha tarehe kutoka utoto kwenda utu uzima si kuandika tu. Mtandao, kwa haki kabisa, humshuku kijana anayejikuza, na uliomba kitambulisho. Mjomba ana cha NIDA na ana cha Mzanzibari Mkaazi, vyote vina jina, picha na tarehe. Nilikuwa nimeshakipiga picha cha pili, nimebakiza kubonyeza, nilipotazama juu ya skrini nikaona jina la akaunti: Seremala Wa Wete.

Kitambulisho cha mtu mmoja kingekwenda kuithibitisha akaunti ya mtu mwingine. Nikasimama.

Jina ndilo la kurekebishwa kwanza, nalo halichezewi, kwa sababu likishabadilishwa haliwezi kubadilishwa tena hadi zipite siku 60. Ukikosea herufi moja, umejifungia miezi miwili. Nilimwomba mjomba akishike kitambulisho mbele yake anisomee herufi kwa herufi, na tukagundua kwamba jina la babu limeandikwa kwa "dh" ilhali sisi sote katika ukoo tunaliandika kwa "z". Tukalifuata la kitambulisho, ingawa yeye alinung'unika kwamba karani ndiye aliyekosea. Tarehe nayo tuliiandika ile ya kitambulisho, 1 Julai 1964, japo wote wawili tulijua kwamba ni ya kukisia, kwa kuwa tarehe nayo inaruhusiwa kubadilishwa mara chache tu, na anayeihakiki atailinganisha na kadi.

Picha tulipiga nje, kivulini, si juani. Kadi ya plastiki ikipigwa juani hung'ara, na tarehe ndiyo hupotea kwanza. Pembe zote nne zilionekana.

Halafu tukaifunga akaunti ya pili, ile ya ushauri wangu.

Tarehe ilikubaliwa siku ya tatu. Kibanda hakikutokea siku hiyo, wala wiki hiyo, na nakiri kwamba siku ya saba nilianza tena kumfikiria mbuzi. Kilitokea siku ya kumi na moja, bila taarifa yoyote. Mjomba alinipigia akasema tu, "Mlango umefunguka."

Tangazo la kwanza nililiandika mimi: "Kibao cha kukunia nazi, mbao ya mninga, kinakunjwa, Sh 25,000." Neno mbuzi sikulitia. Mjomba hakufurahi, akasema hapana mtu Unguja anayetafuta kibao, wote wanatafuta mbuzi. Huenda ana haki. Lakini sasa tulikuwa kwenye mlango wa bidhaa, na huko hofu yangu ya zamani ilikuwa na mahali pake.

Barazani

Niliporudi Wete mwezi uliofuata mjomba alikuwa ameshakisimulia kisa chake kwenye baraza la kahawa, na wazee walikuwa wakinisubiri na simu zao. Nilizipitia nne pale pale, nikiwa na kikombe mkononi. Njia ni ile ile: Accounts Center, Personal details, Birthday.

Ya kwanza ilikuwa sahihi, kwa kuwa mwenyewe ni mwalimu mstaafu na aliijaza kwa mkono wake. Ya pili ilikuwa 2008. Ya tatu ilikuwa 2010, imefunguliwa na mjukuu, na mwenyewe alikuwa akiamini kwamba Marketplace ni kitu cha kulipia.

Ya nne ilikuwa ya mzee mmoja mvuvi. Aliyemfungulia alilizungusha gurudumu kwa nguvu upande wa pili likaenda kugota mwisho kabisa, 1905. Kwa mujibu wa Facebook ana miaka 120.

Soko lake lilikuwa wazi muda wote.